Kahawa baridi: iloweke nzito, izimulie glasini

Ukimimina barafu juu ya kahawa ya moto, barafu huyeyuka na kinywaji hupwaya kabla hujafika nusu ya glasi. Kahawa ya kuloweka haina tatizo hilo. Maji baridi hutoa ladha taratibu, na uchachu na uchungu mwingi hubaki kwenye mashapo.

Anza na gramu 100 za kahawa ya arabika, kama ile ya Kilimanjaro, isagwe chengachenga, kila chembe ikaribie ukubwa wa chumvi ya mawe. Ya unga laini hupenya chujio, ikaacha tope chini ya glasi na uchungu mdomoni. Iweke kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, umimine mililita 800 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Kuchemsha ni muhimu, kwa kuwa hatua zote zinazofuata hazina joto la kuua vijidudu. Koroga mpaka kahawa yote ilowe, kisha funika.

Katika miji yenye joto kama Dar es Salaam au Mombasa, iloweke ndani ya friji. Humo inahitaji saa 16 hivi: ukiiweka saa nane mchana Jumamosi, itakuwa tayari saa kumi na mbili asubuhi Jumapili. Ionje kabla ya kuchuja. Ikiwa nyepesi na chachu, iache saa mbili au tatu zaidi. Ikianza kuwa na ladha ya mti mkavu, imepitiliza.

Ichuje kwanza kwa chujio la chai, kisha kwa kitambaa safi cha pamba. Usikamue kitambaa, maana ukikikamua utarudisha tope na uchungu. Mashapo hunywa maji karibu mara mbili ya uzito wake, hivyo utapata takriban mililita 600 za kahawa nzito.

Kahawa hiyo si ya kunywewa hivyo hivyo, kwani ina kafeini nyingi. Kwa glasi moja, changanya mililita 100 za kahawa na kiasi hicho hicho cha maji au maziwa. Ukitia barafu, punguza maji yafike mililita 70, kwa sababu barafu nayo itaongeza maji yake. Kwa kipimo hiki chupa moja hutoa glasi sita.

Usizimue chupa nzima kwa mkupuo. Kahawa nzito, ikiwa imefunikwa vizuri ndani ya friji, hukaa wiki moja bila kupoteza ladha. Ikishatiwa maji, imalize ndani ya siku mbili, na yenye maziwa inywe siku hiyo hiyo. Andika tarehe kwenye chupa, na ukikuta povu, utando au harufu ya kuchacha, imwage bila kuionja.