Webina: andika na muda wa kusubiri

“Mnanisikia?” Webina nyingi huanza kwa swali hilo, nalo halimsaidii mtu. Kwa kawaida washiriki wa webina hawana maikrofoni wala kamera, hivyo anayesikia hawezi kujibu kwa sauti. Asiyesikia hata hajui kwamba ameulizwa.

Ndiyo maana hati ya webina haiandikwi kama hotuba. Ina safu tatu: dakika, maneno ya msemaji, na kazi ya msaidizi. Msaidizi huingia pia kama mshiriki wa kawaida, kwa simu nyingine yenye bando lake, ili aone na kusikia kile wanachopata watu walio mbali. Yeye ndiye humwambia msemaji kama sauti inafika.

Tuchukue bwana shamba anayefundisha kuhifadhi mahindi. Dakika ya tano, hati yake inasema hivi:

Msemaji: “Ndugu wakulima, mahindi mnahifadhi kwenye nini? Andika 1 kama ni gunia la kawaida, 2 kama ni mfuko usiopitisha hewa, 3 kama ni pipa.”

Msaidizi: abandike swali kwenye chati.

Subiri: sekunde 30.

Jibu ni tarakimu moja kwa sababu wengi wanatumia simu. Sekunde 30 ni za kusikia, kufikiri, kufungua chati na kuandika. Wasemaji wengi hushindwa kuvumilia kimya, wakaendelea baada ya sekunde tano. Majibu yanapoingia, mada imeshahama. Bwana shamba wetu ameandikiwa kazi ya muda huo: anatia mahindi kwenye chupa kavu hadi theluthi, kisha chumvi kavu. Aliyekuwa akiandika hapotezi kitu, kwani hati inamtaka msemaji arudie hatua hizo kwa sentensi moja kabla ya kutikisa chupa.

Chupa hiyo huachwa itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta zake, unyevu wa mahindi umezidi asilimia 15 na bado hayafai kuhifadhiwa. Kwa kuwa video hukwama, hati inamtaka msemaji aeleze kwa maneno anachokiona, kisha anyamaze hadi msaidizi aseme, “Imeonekana.”

Webina ikirushwa pia YouTube, watazamaji wa huko huweza kuchelewa sekunde kadhaa zaidi. Msaidizi hupima kwa kuhesabu tangu msemaji anyanyue mkono hadi mkono huo uonekane kwenye simu. Pengo likiwa kubwa, swali huulizwa kabla ya kipengele na majibu husomwa kikiisha.

Mtandao wa msemaji ukikatika, msaidizi ana maneno yake tayari: “Mwenzetu amepotea hewani, tunamsubiri dakika mbili. Wakati huo, andikeni kwenye chati ni wadudu gani wanaowasumbua ghalani.” Asiporudi, msaidizi anasoma majibu hayo, anatangaza siku ya kuendelea, na kufunga.