Kiungo kilichofika kwa wasiojulikana

Katika kazi yangu ya utafiti nilirekodi masimulizi ya wazee kwa Kilega. Mzee mmoja, akieleza asili ya mithali, alitaja ugomvi wa shamba pamoja na majina ya majirani walio hai. Niliweka sauti na maandishi yake kwenye Google Drive, kisha nikawatumia wenzangu watano kiungo kwa WhatsApp. Siku chache baadaye nilifungua maandishi, na juu ya ukurasa nikaona wanyama wasio na jina. Ndivyo Google Docs inavyowaonyesha wasomaji ambao haiwatambui. Kiungo kilikuwa kimepita mkono hadi mkono.

Kufuta ujumbe kwenye WhatsApp hakusaidii kitu, maana mlango uko kwenye Drive. Nilibonyeza `Partager`, na chini ya `Accès général` nikabadilisha `Tous les utilisateurs disposant du lien` kuwa `Limité`. Kisha nikajaribu kiungo kile kile katika dirisha la siri la kivinjari, bila akaunti yangu. Maandishi yalifunguka bado! Sababu ni kwamba kabrasha lililoyabeba lilikuwa wazi vilevile, na faili hurithi ruhusa za kabrasha lake. Nilipofunga kabrasha, dirisha likaanza kuomba ruhusa.

Kuna mtego mwingine. Ukifungua tena faili hiyo kwa wote, kiungo cha zamani kinafufuka, kwa sababu anwani imejengwa juu ya namba ya faili yenyewe, nayo haibadiliki. Anayetaka kiungo kipya atengeneze nakala ya faili, agawe nakala hiyo, na ile ya kwanza aiache imefungwa. Waliokwisha kupakua sauti wanabaki nayo. Ilinibidi nirudi kwa mzee kumweleza, na hiyo ndiyo sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Drive haiweki neno la siri kwenye kiungo. Nextcloud, ambayo ni programu huru, inaweka neno la siri na tarehe ya mwisho pia. Na ukifuta kiungo chake ukaunda kingine, anwani inakuwa mpya kabisa. Mimi huweka siku saba, zinazowatosha wenzangu kupakua hata kama mtandao unasumbua. Neno la siri nalisema kwa simu. Likiandikwa chini ya kiungo katika ujumbe mmoja, vyote viwili vitasambazwa pamoja.

Asiye na Nextcloud anaweza kufunga kabrasha kwa 7-Zip kabla ya kulipandisha:

```
7z a -p -mhe=on rekodi.7z rekodi/
```

Programu itakuuliza neno la siri, na `-mhe=on` inaficha hata majina ya faili. Hilo ni muhimu kwetu sisi wenye tabia ya kuita faili kwa jina la msimulizi. Kasoro yake ni kwamba kufuli hii haina tarehe ya mwisho: aliye na neno la siri ataifungua hata mwakani.