Jodari, Kopo na Jibu Lililo Mwanzoni

Swali la kisa katika mtihani wa HACCP, ule mfumo wa kulinda usalama wa chakula kwa kudhibiti hatari hatua kwa hatua, huwa na maneno mengi kuliko yanayohitajika. Mtahiniwa huelezwa kiwanda kizima, kuanzia lori linapoingia getini hadi maboksi yanapopakiwa, kisha huulizwa ni hatua ipi iliyo CCP, yaani mahali ambapo udhibiti ukikosekana mlaji atadhurika. Wengi hukimbilia hatua yenye moto mkali zaidi. Mara nyingi hupata, na ndiyo sababu wanapokosa hawaelewi wamekosea wapi.

Tuchukue kisa kimoja. Kiwanda hununua jodari kutoka kwa vyombo vya uvuvi vya Bahari ya Hindi. Samaki hupokelewa, huhifadhiwa kwenye baridi, hupikwa kwa mvuke, hutolewa ngozi na miba, hujazwa kwenye makopo pamoja na mafuta, kisha makopo hufungwa na kupikwa chini ya shinikizo kwa nyuzi 121. Swali linasema: “Katika shehena moja, baadhi ya samaki walikaa juani kwenye sitaha kabla ya kuwekwa barafu. Hatari inayohofiwa ni histamini. Ni hatua ipi iliyo CCP ya hatari hiyo?” Majibu ni manne: mapokezi, kupika kwa mvuke, kupika chini ya shinikizo, na kuhifadhi makopo ghalani.

Jibu la wengi ni kupika chini ya shinikizo. Hoja yao inaeleweka: hakuna bakteria wa kawaida anayestahimili nyuzi 121, kwa hiyo hatua hiyo itasafisha kila kilichotangulia. Lakini swali halikuuliza kuhusu bakteria. Limeuliza kuhusu histamini, na hapo kila kitu kinabadilika.

Nyama ya jodari, kama ya vibua na nguru, ina kiasi kikubwa cha histidini. Samaki akifa na kuachwa kwenye joto, bakteria wanaoishi kwenye matamvua na utumbo huingia katika nyama na kutoa kimeng'enya kinachogeuza histidini kuwa histamini. Ikishatengenezwa, histamini haiondoki kwa kupikwa, haiondoki kwa kugandishwa, wala haiondoki ndani ya kopo lililochemshwa kwa shinikizo. Moto huua bakteria walioitengeneza na kuiacha yenyewe. Mlaji hupata wekundu usoni, kichwa kuuma, kuwashwa mwili na ulimi kuchoma kama aliyekula pilipili, pengine dakika chache tu baada ya kula. Samaki huyo anaweza kuonekana mzima na kunuka vizuri, kwa hiyo pua ya mkaguzi peke yake haitoshi.

Sasa turudi kwenye majibu manne. Kupika kwa mvuke na kupika chini ya shinikizo havipunguzi histamini. Ghalani hakuna kinachoweza kufanyika, maana kopo limeshafungwa. Yanabaki mapokezi, na ndiyo CCP, kwa sababu hiyo ni nafasi ya mwisho ambapo kiwanda kinaweza kukataa shehena kabla haijaingia. Baada ya hapo hakuna hatua ya kuokoa.

Mti wa maamuzi unaofundishwa kutoka miongozo ya Codex Alimentarius una swali linaloamua kisa hiki: je, kuna hatua ya baadaye itakayoondoa hatari hii au kuishusha hadi kiwango kinachokubalika? Mtahiniwa anayekosa kwa kawaida amelisoma bila maneno “hatari hii”. Amejiuliza kama kuna hatua ya baadaye yenye nguvu, na ipo. Lakini nguvu ya moto inahusu viumbe hai. Ni lazima kwanza ujue hatari yako ni kiumbe, ni sumu iliyokwisha kutengenezwa, ni kemikali au ni kitu kigumu kama chuma.

Badilisha hatari uone jibu linavyohama. Mtunga swali akiacha kiwanda kilekile lakini akaandika kwamba hofu ni bakteria wa botulinamu, ambaye mbegu zake hustahimili maji yanayochemka na huota ndani ya kopo lisilo na hewa, basi kupika chini ya shinikizo ndiko CCP, maana hatua hiyo imewekwa mahususi kuziua mbegu hizo. Mvuke wa awali hauzimalizi. Akiandika vipande vya chuma kutoka kwenye visu, utatafuta mashine ya kugundua chuma. Hakuna hatua iliyo CCP kwa asili yake. Huwa CCP kwa ajili ya hatari fulani.

Kuna mtego mwingine ndani ya kisa hiki hiki, na huu huwakamata hata wenye uzoefu. Tuseme majibu yana “mapokezi” na pia “kuhifadhi kwenye baridi kabla ya kupika”. Yote mawili yanahusu histamini, na katika mpango halisi wa kiwanda yote mawili yanaweza kuwa CCP. Utachaguaje moja? Soma chanzo cha tatizo. Kama samaki walichelewa kuwekwa barafu chomboni, histamini imekuja nao, na baridi ya kiwandani haitaiondoa: ni mapokezi. Kama walifika wazima kisha mashine ya baridi ikazimika usiku kucha, histamini imezaliwa kiwandani, na mapokezi hayangeweza kuijua: ni hifadhi. Sentensi moja ya kisa, ambayo wengi huipita haraka, ndiyo inayobeba jibu.

Majibu kama “wafanyakazi kunawa mikono” au “kuosha meza” hujitokeza pia. Ni mambo ya lazima, lakini ni usafi wa msingi wa kiwanda kizima, na hayaondoi histamini. Kwa kawaida yameandikwa kumvuta anayechagua kinachosikika kuwa chema.

Maziwa yana mtego wa aina hiyo hiyo. Maziwa hupashwa kwa nyuzi 72 kwa sekunde 15 ili kuua vijidudu vya magonjwa, na hapo ndipo CCP ya vijidudu hivyo. Lakini kisa kikitaja mabaki ya dawa za antibayotiki aliyochomwa ng'ombe, joto hilo haliyamalizi. Jibu ni mapokezi, kwa kipimo kinachofanywa kabla maziwa hayajamwagwa kwenye tangi la pamoja.

Kuku mbichi ni kinyume chake, na ni vizuri kumweka kando ya jodari. Salmonela huweza kuingia na kuku, lakini akipikwa hadi ndani kabisa atakufa. Kwa hiyo mapokezi ya kuku si CCP ya salmonela; kupika ndiko CCP. Usihame na kanuni ya “jibu ni mapokezi” kutoka swali la jodari kwenda hili.

Swali likidai maelezo, andika hatari kwanza, kisha hatua, kisha sababu, kisha kikomo kinachopimika. Kwa shehena yetu: hatari ni histamini; CCP ni mapokezi; sababu ni kwamba hakuna hatua ya baadaye inayoiondoa. Vikomo vinaweza kuwa kumbukumbu ya chombo inayoonyesha kwamba samaki waliwekwa barafu ndani ya muda uliowekwa (miongozo ya Marekani inataja saa 6 tangu kufa pale hewa au maji yanapozidi nyuzi 28), joto la ndani ya samaki lisilozidi nyuzi 4.4, na sampuli ya maabara isiyozidi kiwango cha histamini kilichowekwa. Shehena isiyo na kumbukumbu hiyo hukataliwa, hata kama samaki wanang'aa.