Mstari Mrefu Humpoteza Msomaji

Chukua ripoti ya mwaka ya chama cha akiba na mikopo: karatasi ya A4, pambizo za sentimita 2.5, Times New Roman ya pointi 12. Mstari wake una upana wa sentimita 16, na ukizihesabu herufi pamoja na nafasi za maneno utapata karibu 90. Hapo ndipo taabu inapoanza. Jicho likifika mwisho wa mstari lina safari ndefu ya kurudi kushoto, na njiani hupotea. Msomaji hurudia mstari aliokwisha kuusoma, au huruka mmoja.

Mimi huanza na urefu wa mstari, kwa sababu hayo mengine huufuata. Wachapaji wengi hulenga herufi kati ya 45 na 75. Katika ripoti yetu tunashusha maandishi hadi pointi 11 na kupunguza mstari uwe sentimita 12, nazo herufi zinabaki kama 70. Pambizo pana ya kushoto inafaa kwa vichwa vidogo na maelezo ya picha.

Kisha nafasi kati ya mistari. Kadiri mstari unavyorefuka, ndivyo jicho linavyohitaji mwanya mpana zaidi wa kurudi nao. Kwa pointi 11, pointi 15 kutoka mstari hadi mstari zinatosha. Katika Word fungua Paragraph, kwenye Line spacing chagua Exactly, uandike 15 pt. Ukizidisha mno, aya humeguka na kila mstari ukaonekana umesimama peke yake.

Gharama ipo: ripoti ya kurasa 30 itakaribia 40. Fedha zisipotosha, gawa ukurasa safu mbili zenye maandishi ya pointi 10.5, kila safu itabeba herufi 45 hivi.

Safu nyembamba, hata hivyo, ina mtego wake kwa Kiswahili. Neno kama “tutakapowasilisha” lisipoenea hushuka lote, na ukiwa umenyoosha kingo zote mbili, mstari ulioachwa hutatuka mapengo. Acha ukingo wa kulia usiwe sawa, au ukate neno kwenye silabi, tutakapo-wasilisha, kwa kubonyeza Ctrl na kistari. Alama hiyo huonekana pale tu neno linapokatika.

Nafasi kati ya herufi usiiguse katika maandishi ya kawaida. Aliyechora herufi alikwisha kuipima, na wanaoibana ili aya ienee ukurasani hufanya “rn” isomeke kama “m”. Vichwa vya herufi kubwa tupu ndivyo vinavyohitaji kuachanishwa kidogo: kwa pointi 12, ongeza nusu pointi hadi pointi moja.

Kioo cha kompyuta hakitakuonyesha haya sawasawa. Chapa ukurasa mmoja kwa ukubwa wake halisi, asilimia 100, umpe mtu asiyeijua ripoti ausome kwa sauti. Mahali atakapokwama mwanzoni mwa mstari, patie alama kwa penseli.