Ukuta Kabla ya Ngazi: Moto Unapozuka Wodini

Katika majengo mengi, king'ora cha moto kinapolia, watu wote hutakiwa kushuka ngazi na kukusanyika nje. Hospitalini amri hiyo yaweza kuua, kwa kuwa mgonjwa aliyetoka kupasuliwa, mtoto njiti na mtu anayepumua kwa mashine hawawezi kushuka, na kumbeba mmoja wao ngazini huhitaji wahudumu kadhaa ambao usiku hawapo. Ndiyo maana wataalamu hutumia mpango wa kuwakinga wagonjwa papo hapo walipo, maana yake jengo lenyewe lizuie moto na moshi, huku wanaohamishwa wakiwa wale tu waliokaribiwa na hatari, tena kwa kusukumwa kando kwenye ghorofa ileile.

Mpango huo husimama juu ya maeneo kinga, yaani sehemu za ghorofa zilizotenganishwa kwa kuta zinazostahimili moto kwa muda uliopimwa, mara nyingi dakika 30 au 60, na milango inayojifunga yenyewe. Kiwango cha Marekani kinachoitwa NFPA 101 hutaka upande wa pili wa ukuta wa aina hiyo uwe na nafasi ya takriban mita 2.8 za mraba kwa kila mgonjwa, kwani eneo kinga lililojaa makabati na vitanda vibovu halipokei mtu. Ukuta wenyewe sharti upande, upite dari ya mapambo na kugusa sakafu ya ghorofa ya juu; ukiishia darini, moshi huupita kwa juu na kuwashukia wagonjwa waliodhaniwa kuwa salama. Fundi anayetoboa ukuta huo kupitisha nyaya, kisha asizibe tundu kwa nyenzo inayohimili moto, ameufanya kuwa pambo.

Oksijeni hufupisha muda ambao kuta hizo zinautafuta. Gesi hii haiwaki, bali huwezesha vingine viwake upesi na kwa joto kali zaidi. Hewa ya kawaida ina asilimia 21 ya oksijeni, ikivuka 23.5, hewa huhesabiwa kuwa na oksijeni iliyozidi, na mashuka, nywele na nguo hushika moto kwa cheche ndogo. Tuchukue wodi yenye urefu wa mita 10, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3, madirisha yakiwa yamefungwa, na wagonjwa 10 wakipewa kila mmoja lita 15 kwa dakika kwa barakoa. Kwa saa moja zinaingia lita 9,000 katika chumba cha lita 180,000, na kwa kuwa sehemu kubwa ya gesi hiyo hurudi chumbani, kiwango cha hatari chaweza kuvukwa ndani ya dakika 40 hivi. Dirisha lililo wazi hapo ni kifaa cha usalama.

Hospitali ya Ibn al-Khatib ya Baghdad, iliyokuwa ikiwatibu wagonjwa wa Uviko-19, ilionyesha mambo haya yote kwa pamoja usiku wa tarehe 24 Aprili 2021. Mitungi ya oksijeni ililipuka, moto ukaenea kwa kasi, na watu wasiopungua 82 wakafa. Wazima moto walieleza kuwa jengo halikuwa na mfumo wa kinga dhidi ya moto, na kwamba dari za kubandikwa ziliusaidia moto kusambaa.

Moto ukizuka katika chumba kimoja, muuguzi humtoa aliyemo, hufunga mlango nyuma yake, ndipo hupiga king'ora. Valvu inayokata oksijeni ya wodi hufungwa kwa amri ya muuguzi kiongozi, baada ya wanaotegemea gesi hiyo kupewa mitungi midogo, kwa sababu kuifunga kwa pupa humnyima pumzi mgonjwa ambaye moto haujamfikia. Mtungi wa lita 680 uliojaa, ukitoa lita 10 kwa dakika, hudumu kama dakika 68, muda unaotosha sana kuvuka ukuta mmoja. Walio karibu na moto hutangulia. Ngazi hubaki kuwa hatua ya mwisho, pale eneo kinga la pili nalo linapotishiwa.

Kinachouharibu mpango huu mara nyingi ni jambo dogo: mlango wa kuzuia moto uliowekewa kabari ili toroli zipite, wakati mwingine kabari yenyewe ikiwa ni mtungi wa oksijeni. Zoezi la kweli hufanywa kwa idadi ya wauguzi wa zamu ya saa nane usiku, vitanda vikisukumwa hadi ng'ambo ya mlango, na hapo ndipo hujulikana kitanda kipi hakipiti.