Laptopu Inakunywa Kiasi Gani cha Betri?

Fundi akiulizwa betri ya gari itawasha laptopu kwa saa ngapi, mara nyingi hujibu kwa kutazama chaja. Imeandikwa volti 19.5 na ampea 3.33, ukizidisha unapata wati 65. Hizo ndizo wati nyingi kabisa ambazo chaja inaweza kutoa. Mwalimu anayechapa mitihani, betri ya laptopu ikiwa imejaa na mwanga wa skrini umepunguzwa, huenda akatumia wati 25 tu. Akianza kuhariri video, hesabu hiyo haina kazi tena.

Tumchukue mwalimu huyo, mkazi wa Dodoma, anayefanya kazi saa sita. Inveta hupoteza sehemu ya umeme inapoubadilisha, tena yenyewe hutumia kidogo hata kama hakuna kilichochomekwa. Kwa hiyo tuhesabu wati 35 zinazotoka kwenye betri. Kwa saa sita ni wati-saa 210. Inveta ya wati 150 inamtosha. Ile ya wati 1,000 anayoshawishiwa dukani itamlia chaji bure.

Betri yake ni ya volti 12, ampea-saa 50, yaani wati-saa 600. Kwa kutazama karatasi, ana umeme wa kutosha siku mbili na zaidi. Lakini betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili kuwasha injini, kisha ijazwe mara moja. Bamba zake ni nyembamba, na kuikausha kila siku huiua baada ya miezi michache. Mwalimu wetu ameshatumia zaidi ya theluthi yake. Mimi ningemshauri anunue betri ya sola, ambayo huvumilia kutumiwa hadi nusu.

Asiusubiri mlio wa inveta. Nyingi hulia betri ikikaribia volti 10.5, na hapo imekwisha kabisa. Apime kwa mita baada ya kuiacha ipumzike saa kadhaa: 12.7 imejaa, 12.2 imebaki nusu.

Kuzijaza tena wati-saa 210 kunahitaji kama 260, kwa sababu betri nayo hupoteza. Jua la Dodoma siku njema ni sawa na saa tano za jua kali, na paneli iliyopashwa joto na kufunikwa vumbi haifikii wati zilizoandikwa nyuma yake. Paneli ya wati 100 itampa kati ya wati-saa 350 na 375. Ziada hiyo ni ya siku zenye mawingu. Asiiunganishe paneli kwenye inveta moja kwa moja, kwani volti zake zinaweza kupita 20. Lazima kuwe na kidhibiti chaji kati ya paneli na betri, na fyuzi karibu na betri.

Na kama laptopu ndiyo mzigo pekee, kuna njia ya mkato: chaja ya gari inayopandisha volti 12 hadi 19.5 bila inveta. Sehemu ya wati zile zilizokuwa zinaliwa njiani hubaki kwenye betri.