Maji Yakiganda Kibo, Nani Anapokea Joto Lake?

Wenzangu wa kikundi,

Jana tuliachana bila kukubaliana, na hoja ya waliosema kanuni ya pili ya thamodinamiki imevunjwa haikuwa ya kubezwa. Kanuni inasema entropi haipungui. Maji ni molekuli zinazohangaika huku na huko. Barafu ni molekuli zilezile zikiwa zimetulia kwenye mpangilio wa pembesita, kila moja imeshikana na jirani zake wanne. Kwa hiyo barafu ina entropi ndogo kuliko maji. Sasa maji yakiganda yenyewe, bila kulazimishwa na mtu, si entropi imeshuka?

Imeshuka, ndiyo. Ila jibu la "ni kwa sababu friza inakula umeme" tuliweke kando, maana linatupoteza njia. Wanaopanda Kilimanjaro wanajua kwamba usiku wa kuelekea kileleni maji huganda ndani ya chupa zao, na huko juu hakuna friza wala waya wa umeme. Tuchukue chupa hiyo, ya lita moja, hewa ya nje ikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri.

Kanuni ya pili inahesabu entropi ya kila kinachohusika kwa pamoja. Chupa peke yake inaruhusiwa kupunguza entropi yake, mradi mahali pengine iongezeke kwa kiasi kinachozidi upungufu huo. Na maji yanapoganda hutoa joto. Hapa ndipo wengi tunapoteleza, kwa sababu tumezoea kufikiri kwamba kuganda ni kupokea baridi. Molekuli zinaposhikana kuunda barafu, nishati hutoka, na kilo moja ya maji huachia takriban jouli 334,000. Joto hilo linapita kwenye ukuta wa chupa na kuingia kwenye hewa ya mlimani.

Entropi inayobadilika kwa kupokea au kutoa joto tunaipata kwa kugawanya joto hilo kwa halijoto ya kelvini. Sifuri ya selsiasi ni kelvini 273, hivyo maji yakigeuka barafu hupoteza 334,000 ÷ 273, yaani karibu jouli 1,223 kwa kila kelvini. Hewa ya kelvini 263 inapokea joto lilelile, lakini kwake tunagawanya kwa namba ndogo zaidi: 334,000 ÷ 263 ni karibu 1,270. Ukijumlisha, dunia imebaki na ziada ya 47. (Nimechukulia kwamba joto la kuganda na upungufu wa entropi ya maji havibadiliki na halijoto. Hubadilika kidogo, lakini ziada inabaki karibu palepale.)

Kiini cha jambo ni hicho: joto likiingia mahali penye baridi huongeza entropi zaidi kuliko likiingia penye uvuguvugu. Jaribuni hesabu hiyohiyo hewa ikiwa nyuzi 10 juu ya sifuri. Hewa ingepata 334,000 ÷ 283, kama 1,180, wakati maji yamepoteza 1,223. Jumla ingekuwa hasi, na ndiyo sababu hatujaona ndoo ya maji ikiganda yenyewe uani Moshi mjini. Kwenye sifuri kamili pande mbili zinalingana, na barafu na maji hukaa pamoja bila upande wowote kuushinda mwingine.

Kwa asiyeamini kwamba kuganda kunatoa joto, kuna jaribio la chupa ya maji safi. Ilaze kwenye friza bila kuitikisa, na ukibahatika maji yatafika nyuzi 7 chini ya sifuri yakiwa bado maji. Igonge mezani. Sindano za barafu zitatambaa chupa nzima kwa sekunde chache, na kipimajoto kilichomo ndani kitapanda hadi sifuri. Maji yamejipasha joto kwa kuganda! Lakini hayagandi yote. Kuyapandisha nyuzi saba kunahitaji kama jouli 29,400 kwa kilo, na joto hilo linapatikana kwa kuganda asilimia 9 tu ya maji. Kilichobaki ni uji wa barafu, ambao hauendelei kuganda mpaka joto lipate pa kutokea.

Chupa hiyo inatuonyesha pia mpaka wa kanuni yenyewe. Kabla ya kugongwa, hesabu ilikuwa tayari inaruhusu barafu, na bado maji yalitulia. Kanuni ya pili inataja mwelekeo, haitaji saa. Barafu inahitaji mbegu ya kuanzia, iwe chembe ya vumbi au mkwaruzo kwenye plastiki, na matone madogo mawinguni yasiyo na mbegu ya aina hiyo huweza kubaki maji hadi karibu nyuzi 38 chini ya sifuri.